Mshahara Kabla ya Nyongeza: Kuutafuta kwa Kurudi Nyuma

Kima cha chini cha mshahara wa mtumishi wa umma Tanzania kilipandishwa kwa asilimia 35.1 na kufikia shilingi 500,000 kwa mwezi. Nyongeza hiyo ilitangazwa na Rais Samia Suluhu Hassan kwenye sherehe za Mei Mosi mwaka 2025 mjini Singida, na utekelezaji wake ukapangiwa Julai mwaka huohuo. Katika taarifa hiyo mna namba mbili tu: mshahara mpya na asilimia. Mshahara wa zamani haumo, lakini haukupotea. Umefichwa ndani ya hizo mbili, na hesabu ya kuutoa ni ya mstari mmoja. Hata hivyo ni hesabu inayokosewa na watu wengi, wakiwemo wanaoshika fedha kila siku, kwa sababu njia inayokuja kwanza kichwani siyo njia sahihi.

Njia hiyo inayokuja kwanza ni hii: mshahara umeongezwa kwa asilimia 35.1, basi ukipunguzwa asilimia 35.1 utarudi ulikokuwa. Asilimia 35.1 ya 500,000 ni 175,500. Ukiitoa, zinabaki 324,500. Jibu linaonekana safi, tena halina hata desimali, lakini si kweli. Ushahidi unapatikana kwa kulipeleka mbele: 324,500 ikiongezwa asilimia 35.1 inafika 438,399 na senti kadhaa. Nusu milioni haijafikiwa, na pengo ni zaidi ya shilingi 61,000. Mshahara uliopatikana kwa kutoa, basi, hauwezi kuwa ule ulioongezwa.

Kosa halikuwa katika kutoa wala kuzidisha, bali katika swali ambalo halikuulizwa: asilimia 35.1 ya nini? Asilimia haisimami peke yake. Lazima iwe sehemu ya kitu fulani. Mwajiri anapoongeza mshahara, anachukua sehemu ya mshahara wa zamani na kuiweka juu ya mshahara huohuo wa zamani. Anayetoa asilimia 35.1 kutoka kwenye 500,000 anachukua sehemu ya mshahara mpya, ambao ni mkubwa zaidi. Asilimia ni ileile, lakini kinachokatwa si kilekile, na kwa hiyo kipande anachoondoa ni kinene kuliko kipande kilichoongezwa.

Mfano uliokithiri unalionyesha jambo hilo bila kuacha shaka. Mtu akiongezwa mshahara kwa asilimia 100, mshahara umekuwa mara mbili. Akirudi nyuma kwa kutoa asilimia 100 ya mshahara mpya, anabaki na sifuri. Kwa hesabu hiyo, kabla ya nyongeza alikuwa akifanya kazi bure.

Njia sahihi inaanza kwa kuuita mshahara wa zamani kwa jina lake la kihesabu: asilimia 100. Huo ndio msingi. Nyongeza ni asilimia 35.1 ya msingi huo, na mshahara mpya ni msingi na nyongeza yake kwa pamoja, yaani asilimia 135.1 ya mshahara wa zamani. Kwa hiyo shilingi 500,000 zimebeba sehemu 135.1, na kinachotafutwa ni sehemu 100. Wanaokumbuka hesabu za shule ya msingi watatafuta kwanza thamani ya sehemu moja: 500,000 gawanya kwa 135.1 ni takriban 3,700.96. Zidisha kwa 100, na mshahara wa zamani ni takriban shilingi 370,096.

Hatua hizo mbili zinaweza kufanywa moja kwa kusogeza nukta ya desimali. Asilimia 135.1 ni 1.351, na 500,000 ikigawanywa kwa 1.351 inatoa 370,096 ileile. Kanuni nzima inaandikwa hivi:

```
mshahara wa zamani = mshahara mpya ÷ (1 + asilimia ÷ 100)
```

Ile 1 ndani ya mabano ndiyo inayosahauliwa zaidi, nayo ndiyo mshahara wa zamani wenyewe. Nyongeza ya asilimia 6 inagawanywa kwa 1.06, ya asilimia 12 kwa 1.12, ya asilimia 23.3 kwa 1.233. Kuongeza kulikuwa kuzidisha kwa namba hizo, na kinachobatilisha kuzidisha ni kugawanya, si kutoa.

Simu ya mkononi haimkingi mtu na kosa hili, tena pengine humsukuma ndani yake. Kwenye kalkuleta za simu nyingi, ukibonyeza 500000, kisha alama ya kutoa, kisha 35.1 na alama ya %, unaletewa 324,500. Simu haijakosea; imefanya ilichoagizwa, ambacho ni kutoa asilimia 35.1 ya namba iliyo kwenye kioo. Anayetafuta mshahara wa zamani aiache alama ya asilimia kabisa, abonyeze 500000 ÷ 1.351. Kwa anayetumia Excel, ikiwa mshahara mpya uko kwenye seli B2 na asilimia iko C2, fomula ni hii:

```
=B2/(1+C2)
```

Fomula hiyo inafanya kazi pale tu C2 inaposomeka 35.1%, ikiwa na alama yake. Ikiwa mtu ameandika 35.1 tupu, Excel itagawanya kwa 36.1, na mshahara wa zamani utakuwa shilingi 13,850. Afadhali kosa la namna hii, kwa sababu linajitangaza lenyewe. Lile la 324,500 ni baya zaidi kwa kuwa linafanana na mshahara wa kweli.

Ukubwa wa kosa la kutoa hautegemei mshahara peke yake, bali zaidi asilimia. Jibu la kutoa huwa pungufu kwa kiasi cha asilimia hiyo iliyozidishwa kwa yenyewe. Nyongeza ya asilimia 6 ni 0.06, na 0.06 mara 0.06 ni 0.0036, jibu litapungua kwa chini ya nusu ya asilimia moja, jambo ambalo wengi hawataliona. Nyongeza ya asilimia 35.1 inatoa 0.351 mara 0.351, takriban 0.123, hapo jibu limepungua kwa zaidi ya asilimia 12. Ndiyo maana mtu anaweza kutumia njia mbovu miaka mingi kwenye nyongeza ndogondogo bila kugundua, kisha ikamwangusha siku nyongeza inapokuwa kubwa.

Mahali inapouma ni kwenye malimbikizo. Nyongeza inapochelewa kuingizwa, mfanyakazi hudai tofauti ya mshahara mpya na wa zamani kwa kila mwezi uliopita. Kwa kima cha chini kilichotajwa, aliyetoa asilimia 35.1 atadai shilingi 175,500 kwa mwezi, wakati tofauti halisi ni kama 130,000. Miezi minne ikipita, dai lake ni 702,000 na haki yake ni 520,000. Atatoka kwa mhasibu akiamini amedhulumiwa, na karatasi aliyoshika mkononi itaonekana kumuunga mkono.

Inabaki hoja ya shilingi 96. Kugawanya kumetoa 370,096, lakini kima cha chini cha zamani kilikuwa shilingi 370,000 kamili. Kanuni haina tatizo. Tatizo ni asilimia iliyotangazwa. Kutoka 370,000 hadi 500,000 ni ongezeko la 130,000, na 130,000 ukiigawanya kwa 370,000 unapata asilimia 35.135135, desimali zinazojirudia bila mwisho. Hakuna mtangazaji atakayesoma mkia huo hewani. Umekatwa ukabaki 35.1, na kipande kidogo kilichotupwa kinarudi kwenye jibu kama shilingi 96 za ziada.

Kwa hiyo mshahara unaopatikana kutokana na asilimia iliyofupishwa usichukuliwe kama namba moja, bali kama eneo dogo ambamo mshahara wa kweli umo. Asilimia inayosomeka 35.1 inaweza kuwa chochote kati ya 35.05 na 35.15. Ukigawanya 500,000 kwa 1.3505 unapata 370,233, kwa 1.3515 unapata 369,959. Mshahara wa zamani uko baina ya hizo mbili. Vima vya chini hupangwa kwa namba za mviringo, na ndani ya eneo hilo namba ya mviringo inayojitokeza wazi ni 370,000. Kama gazeti lingeandika tu “asilimia 35”, eneo lingetanuka kutoka 369,004 hadi 371,747, karibu mara kumi ya upana wa kwanza. Desimali moja katika asilimia inaonekana kitu kidogo, lakini kwenye mshahara wa nusu milioni ndiyo inayotenganisha kujua na kubahatisha.

Kenya inatoa mfano wa upande wa pili. Huko, kima cha chini kilipandishwa kwa asilimia 6 kuanzia Novemba 2024. Kundi la chini kabisa katika jedwali la mishahara, ambamo wamo kibarua wa kawaida, mfagiaji, mtunza bustani na yaya, lilifika shilingi za Kenya 16,113.75 kwa mwezi katika miji mikubwa kama Nairobi, Mombasa na Kisumu. Ukigawanya 16,113.75 kwa 1.06, jibu ni 15,201.65, senti kwa senti, na hicho ndicho kiwango kilichokuwepo kabla. Ukitaka kurudi nyuma zaidi, kabla ya nyongeza ya asilimia 12 ya Mei 2022, gawanya 15,201.65 kwa 1.12: ni 13,572.90, nayo inalingana na kiwango cha awali bila senti kupungua.

Tofauti ya mifano hii miwili inatokana na kilichoamuliwa kwanza. Kenya iliamua asilimia, 6 au 12, kisha mishahara ikakokotolewa kutokana nayo. Ndiyo maana mishahara ina senti za ajabuajabu na asilimia ni namba nzima. Tanzania iliamua mshahara, nusu milioni, kisha asilimia ikakokotolewa. Mshahara ni wa mviringo na asilimia ndiyo yenye mkia. Anayetazama namba mbili alizopewa anaweza kutambua mara moja yuko katika hali ipi. Asilimia ikiwa nzima na mshahara una senti, jibu la kugawanya linaweza kuaminiwa lilivyo. Mshahara ukiwa wa mviringo na asilimia ina desimali, jibu linahitaji kusogezwa kidogo hadi kwenye namba ya mviringo iliyo karibu, baada ya kuhakikisha kwamba namba hiyo imo ndani ya eneo lililokokotolewa.

Kanuni ina sharti moja zito: mshahara mpya unaogawanywa lazima uwe uleule ambao asilimia iliufanyia kazi. Wafanyakazi wengi wanaujua zaidi mshahara unaoingia benki kuliko ule ulioandikwa juu ya slipu, na huo wa benki ndio wanaougawanya. Nyongeza hutangazwa kwa mshahara wa msingi, kabla ya makato. Makato hayapandi yote kwa kasi moja, kwa hiyo kinachobaki mkononi hakipandi kwa asilimia iliyotangazwa.

Chukua mtumishi wa umma wa kima cha chini. Akiwa na mshahara wa 370,000, mfuko wa hifadhi ya jamii wa PSSSF unachukua asilimia 5, yaani 18,500. Kodi ya mshahara haitozwi kwenye 270,000 za mwanzo. Kinachozidi hapo, hadi 520,000, kinatozwa asilimia 8, baada ya kuondoa mchango wa hifadhi ya jamii. Kodi yake ni 6,520. Bima ya afya kwa asilimia 3 ni 11,100. Kinachobaki ni 333,880. Akifikia 500,000, hifadhi ya jamii inakuwa 25,000, kodi 16,400 na bima 15,000, na mkononi zinabaki 443,600. Mshahara umepanda kwa asilimia 35.1, lakini kilichoingia mkononi kimepanda kwa asilimia 32.9 hivi. Hifadhi ya jamii na bima zimekwenda sambamba na mshahara; kodi ndiyo iliyoruka zaidi ya mara mbili, kwa kuwa nyongeza yote imeangukia sehemu inayotozwa. Ukigawanya 443,600 kwa 1.351 unapata 328,349, namba ambayo haikuwahi kuwa mshahara wa mtu huyo, si wa slipu wala wa benki. Mwenye mkopo wa elimu ya juu au wa benki atapata upotofu mwingine tena, kulingana na makato yake.

Posho nazo huvuruga au zisivuruge, kutegemea zilivyopangwa. Posho ya nyumba iliyowekwa kama asilimia ya mshahara wa msingi, kama ile ya asilimia 15 katika kanuni za mishahara Kenya, hupanda pamoja na mshahara, na jumla yao inaweza kugawanywa bila madhara. Posho ya kiasi kisichobadilika, tuseme 60,000 za usafiri, haikuguswa na nyongeza. Hiyo lazima iondolewe kwanza, kisha kilichobaki kigawanywe, halafu posho irudishwe mwishoni kama anayetafutwa ni jumla ya malipo ya zamani.

Sharti hilohilo linahusu nani aliyepewa asilimia hiyo. Asilimia 35.1 ilikuwa ya kima cha chini. Ngazi nyingine za mishahara hazikutangaziwa kiwango hicho. Mwalimu au muuguzi wa daraja la juu anayegawanya mshahara wake kwa 1.351 atapata mshahara mdogo mno kuliko aliokuwa nao. Vichwa vya habari hupenda asilimia kubwa iliyo jukwaani, na ni rahisi kuichukua kama ya wote.

Nyongeza zikiwa mbili au zaidi, zinarudiwa moja baada ya nyingine, kuanzia ya karibuni. Kabla ya 370,000, kima cha chini cha utumishi wa umma Tanzania kilikuwa 300,000, nacho kilipandishwa mwaka 2022 kwa asilimia 23.3. Gawanya 500,000 kwa 1.351, kisha kwa 1.233, na jibu ni karibu 300,159. Zile 159 ni mkia wa asilimia mbili zilizofupishwa. Anayeona uvivu akajumlisha 23.3 na 35.1 kupata 58.4, kisha akagawanya kwa 1.584, atafika 315,657. Amekosea kwa sababu nyongeza ya pili haikukokotolewa juu ya 300,000, ilikokotolewa juu ya 370,000, ambamo nyongeza ya kwanza ilikuwa imeshaingia. Kutoka 300,000 hadi 500,000, ongezeko halisi ni karibu asilimia 66.7.

Hesabu inahitaji uangalifu zaidi pale asilimia inapochanganyika na kiasi kamili, kama inavyotokea mtu anapopandishwa mshahara kwa asilimia na papo hapo kuongezewa kiasi maalumu kwa kupanda daraja. Tuseme mshahara mpya ni 892,000, asilimia ni 8, na kiasi maalumu ni 28,000. Kama 28,000 ziliongezwa baada ya asilimia, zinaondolewa kwanza: zinabaki 864,000, na ukigawanya kwa 1.08 unapata 800,000 kamili. Kama ziliongezwa kabla, asilimia iliziongeza nazo, hivyo kugawanya kunatangulia: 892,000 kwa 1.08 ni takriban 825,926, na ukitoa 28,000 zinabaki 797,926. Mwajiri aliyefanya jambo la mwisho ndiye anayetenguliwa jambo hilo kwanza. Mpangilio wa nyongeza ukiwa haujulikani, namba hizi tatu hazitoshi, na inabidi kutazama barua ya kupandishwa daraja au slipu za miezi miwili inayofuatana.

Kukagua jibu lolote kati ya haya ni kulipeleka mbele kwa njia ambayo mwajiri aliifuata. Mshahara wa zamani uliopatikana uzidishwe kwa 1 na asilimia yake, na ukutane na mshahara mpya. 370,096 mara 1.351 inarudi kwenye 500,000 ikiwa na tofauti ya chini ya shilingi moja. 370,000 mara 1.351 inafika 499,870, pungufu ya shilingi 130. Upungufu mdogo kama huo unaeleweka kwa asilimia yenye desimali moja. Ukizidi kiasi ambacho ufupishaji unaweza kueleza, chanzo ni mojawapo ya mambo mawili: asilimia iliyotumika siyo iliyotolewa kwa mshahara huo, au ndani ya mshahara uliogawanywa mna fedha ambazo nyongeza haikuzigusa.